Tumefikia Wakulima Mia Nne

Kisa hiki kina kosa langu ndani yake, kwa hiyo nianze na hilo.

Mwishoni mwa Septemba binti wa dada yangu alikuja nyumbani kwetu hapa Babati, karatasi mkononi na simu inayokaribia kuzima. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama." Hakutaka hata chai. Alikuwa amebakiwa na siku mbili kutuma video ya sekunde 30 kwenye shindano la vijana walioanzisha kampuni changa. Masharti yalikuwa mafupi: taja tatizo, taja suluhisho, taja matokeo ya mwanzo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na kila mwenye karatasi katika ukoo wetu huniletea niinyooshe. Nikavaa miwani.

Biashara yake ilikuwa mifuko ya kuhifadhi nafaka, ile ya tabaka tatu: nje kiroba cha kawaida, ndani mifuko miwili ya plastiki nzito, kila mmoja unafungwa kivyake. Hewa ya ndani ikiisha, wadudu hushindwa kula na kuzaliana, kisha hufa bila dawa. Mifuko aliichukua Arusha, akapanga pikipiki, akaenda kuonyesha Galapo, Mamire, Bonga na kwingine. Skripti yake, baada ya mkono wangu kupita, ilisomeka hivi:

"Wakulima wa Manyara hupoteza asilimia arobaini ya mahindi yao ghalani. Suluhisho letu ni mfuko usiopitisha hewa, tunaomfikishia mkulima mpaka mlangoni kwa pikipiki. Ndani ya miezi mitatu tumefikia wakulima mia nne, na hakuna hata mmoja aliyepoteza gunia. Tuungeni mkono tuokoe chakula cha Tanzania."

Inapendeza masikioni. Ilimpeleka mpaka hatua ya mahojiano Arusha, na huko ikamwangusha.

Mkono wangu ulipita sehemu mbili. Yeye alikuwa ameandika "watu 387 walihudhuria maonyesho yetu". Nikamwambia namba hiyo ni ndefu mdomoni, hebu itamke: mia tatu themanini na saba. Maneno matano, na sekunde mbili na ushee zimekwenda. "Sema mia nne," nikamwambia, "na badala ya walihudhuria sema tumefikia, ni neno moja na lina nguvu." Pia alikuwa ameandika "mpaka sasa hatujapata malalamiko". Nikaona ni sentensi ya mtu mwoga. Nikaigeuza kuwa "hakuna hata mmoja aliyepoteza gunia".

Sikudhani nimesema uongo. Nilidhani nimehariri. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu naamini wengi wetu tunaosaidia vijana kuandika hufanya hivyo hivyo, na tunalala usingizi mzuri.

Sekunde 30 zina ubaya wake. Kiswahili kina maneno marefu. Mtu akisema kwa utulivu mbele ya kamera ya simu, akivuta pumzi inavyotakiwa, hutamka maneno kama 60 kwa sekunde 30, labda 65. Ukiandika 80, atakimbia, na anayekimbia husikika kama anaficha kitu. Basi mwandishi huanza kukata. Kinachokatwa kwanza siku zote ni maneno madogo ambayo hayana mvuto: "baadhi ya", "mpaka sasa", "kati ya waliojaribu", "katika vijiji vitano". Na maneno hayo madogo ndiyo yaliyobeba ukweli. Ukishayatoa, kinachobaki ni sentensi nyingine kabisa, japo kalamu yako haikuandika neno jipya hata moja.

Kwenye mahojiano alikaa mbele ya watu watatu. Mama mmoja katika jopo, binti aliniambia baadaye, hakuwa mkali hata kidogo. Alimuuliza tu, "Hao mia nne, walifanya nini?" Binti akasema walifikiwa. "Walifikiwa na nini?" Hapo ndipo mambo yalipofunguka kama gunia lililokatwa kamba. Watu 387 walikuwa majina kwenye karatasi za mahudhurio, pamoja na watoto wa shule waliopita njia na wazee wawili waliosaini mara mbili. Walionunua walikuwa 29. Mifuko iliyouzwa ilikuwa 46. Na mifuko iliyokuwa imeshafunguliwa, ambayo mtu angeweza kuingiza mkono na kutazama punje, ilikuwa 11.

Swali la pili lilikuwa la tarehe. Mahindi yaliwekwa mfukoni lini? Julai na mwanzoni mwa Agosti. Video ilirekodiwa lini? Septemba.

Anayejua ghala la kijijini ameshaelewa. Dumuzi, mdudu yule mdogo mweusi ambaye sehemu nyingi wakulima humwita skania, huzaliana kizazi baada ya kizazi, na madhara yake makubwa huonekana baada ya miezi kadhaa, unga unapoanza kumwagika chini ya gunia. Mwezi wa pili baada ya mavuno, hata gunia la kawaida lisilo na dawa mara nyingi bado lina sura nzuri. Kwa hiyo "hakuna hata mmoja aliyepoteza gunia" ilikuwa kweli kwa wateja wake, na huenda ilikuwa kweli pia kwa jirani zao ambao hawakununua chochote. Mfuko ulikuwa haujajaribiwa. Binti alitangaza matokeo ya mtihani ambao haujafanyika, na mimi niliyesimamia mitihani maisha yangu yote ndiye niliyemwandikia.

Dalili zilikuwepo mezani siku ile ile. Nikizikumbuka sasa naona haya.

Ya kwanza ni neno "kufikia". Tumelizoea kutoka kwenye mabango ya miradi: mradi umefikia kaya kadhaa, semina imefikia vijana kadhaa. Kwenye bango halimdhuru mtu. Kwenye biashara ni neno hatari, kwa sababu halisemi mtu alitoa hela, alipewa bure, alisikia kwenye redio au alipita tu kwenda mnadani. Kitenzi cha biashara huwa na mkono ndani yake: alinunua, alilipa, alirudi, alirudisha. Msomaji wangu, ukiandika skripti ya namna hii, jaribu kumweka mtu mmoja badala ya mia nne. "Tumemfikia Mzee fulani wa Bonga." Ukisikia mwenyewe unajiuliza, tumemfikia halafu? basi kitenzi hicho hakifai.

Ya pili ni kwamba binti alisita. Nilipomwambia aseme mia nne alinitazama kidogo, akasema, "Lakini mjomba, ni 387." Nikamjibu kwamba hakuna atakayehesabu. Mtoto anaposita mbele ya namba, msikilize. Aliyekaa juani na karatasi ya mahudhurio anazijua zile saini kuliko wewe mwenye miwani.

Baada ya kushindwa kwake nilianza kusoma habari za kampuni nyingine changa, nione kama sisi ndio wajinga pekee. Nikakutana na kisa cha Nairobi ambacho wengi wetu tulikisikia juu juu kilipotokea, lakini ukikisoma kwa kalamu na karatasi kinafundisha zaidi.

Kampuni iliitwa Kune. Ilianzishwa na Mfaransa Robin Reecht, na mwezi wa Juni 2021 ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Launch Africa. Ilipika milo katika jiko lake kubwa na kuwapelekea watu maofisini na majumbani. Ungeweza kuisema yote kwa sekunde 30. Tatizo: Nairobi mtu hapati chakula kizuri kwa bei nafuu. Suluhisho: jiko moja kubwa, milo iliyo tayari, pikipiki. Mwanzilishi alieleza kwenye vyombo vya habari kwamba siku chache tu baada ya kufika Kenya aliuliza wapi atapata chakula kizuri cha bei nafuu, na akaambiwa haiwezekani.

Wakenya waliposoma hayo walicheka, kisha wakakasirika. Nairobi imejaa vibanda. Fundi, karani na mwanafunzi wanakula ugali, sukuma, maharage, chapati na githeri kila siku ya Mungu, kwa bei wanayoimudu, na mama wa kibanda anawajua kwa majina na kuwaandikia deni mpaka Ijumaa. Mtandaoni vurugu ilikuwa kubwa, na nyingi ilihusu nani hupewa mitaji Afrika na nani hunyimwa. Mjadala huo ni wa haki, ila leo nauacha. Kinachonihusu ni kwamba siku ya kwanza kabisa, mwaka mzima kabla ya mwisho, watu wa mjini waliieleza kampuni bure, kwa sauti kubwa, kwamba sentensi yake ya kwanza haikuwa kweli. Dalili gani nyingine mtu angetaka?

Mwezi wa Juni 2022 Kune ilifungwa. Katika tangazo la kufunga, mwanzilishi aliandika kwamba walikuwa wameuza milo zaidi ya 55,000, kwa wateja binafsi zaidi ya 6,000 na kampuni zaidi ya 100. Akaeleza pia sababu: bei ya wastani ya dola 3 kwa mlo haikutosha kuendesha ukuaji wao, gharama za vyakula zilipanda, na mtaji mpya haukupatikana. Namshukuru kwa kuandika wazi. Wengi hufunga mlango na kubadilisha namba ya simu.

Sasa tuzichukue namba hizo tuzitazame kama ambavyo jopo la Arusha lilizitazama zetu. "Milo elfu hamsini na tano" ingeng'ara kwenye video yoyote. Igawanye kwa siku. Tukichukulia mwaka mmoja tu wa kazi, ni milo kama 150 kwa siku. Mama lishe mmoja mwenye bidii, sufuria tatu na benchi mbili karibu na stendi anaweza kuuza sahani 60. Kwa hiyo jiko kubwa lenye mtaji wa dola milioni 1 lilikuwa linafanya kazi ya mama lishe wawili na nusu. Izidishe kwa bei: 55,000 mara 3 ni dola 165,000, nayo ni fedha iliyoingia, kabla hujanunua kitunguu hata kimoja. Haya ni makadirio yangu ya mezani, lakini hata ukiyasogeza huku na huku picha haibadiliki sana.

Kisha chukua wateja. Hata kama milo yote ingekuwa ya wale binafsi, 55,000 kwa watu 6,000 ni milo 9 kwa kila mmoja. Na sehemu yake ilikwenda kwa zile kampuni, kwa hiyo kwa mtu binafsi ni pungufu ya hapo. Mtu anayekula chakula cha mchana kila siku ya kazi hufikisha milo 9 kabla wiki ya pili haijaisha. Hapo ndipo unaposikia kile ambacho namba kubwa ilikuwa inakinyamazia: wengi walionja, wakarudi vibandani.

Nimekaa na hesabu hiyo muda mrefu, kwa sababu ni ugonjwa ule ule wa mia nne yetu. Namba ya jumla hupanda tu, haiwezi kushuka. Mtu aliyehudhuria Julai hawezi kutohudhuria Septemba. Mlo uliouzwa Januari umeuzwa milele. Biashara inaweza kuwa inakufa huku namba ya jumla ikiongezeka kila asubuhi, na mwenye biashara akaitazama na kupata faraja. Namba inayoweza kushuka ndiyo inayosema kitu: wangapi wamenunua wiki hii, wangapi kati ya wale wa mwezi jana wamerudi.

Nilimsomea binti hesabu hizi jioni moja. Akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mjomba, mimi na yule Mfaransa tumekosea sentensi ya kwanza, kabla ya namba."

Akanieleza. Tulikuwa tumeandika kwamba wakulima hupoteza asilimia 40. Nilimuuliza aliitoa wapi. Aliisikia kwenye semina. Nikatafuta. Dumuzi alipoingia nchini, akagunduliwa kwanza upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipima hasara kwenye maghala ya wakulima. Ghala lililoharibika vibaya lilipoteza zaidi ya asilimia 30 ya uzito kwa miezi michache. Lakini wastani wa maghala yote ulikuwa karibu asilimia 9. Namba zote mbili ni za kweli na zimetoka kwenye kazi ile ile. Ile kubwa ndiyo iliyosafiri, ikapita mdomo kwa mdomo, semina kwa semina, mpaka ikafika Babati ikiwa na asilimia 40 na bila jina la baba.

Lakini si hilo alilokuwa analisema. Alisema, "Wakulima wa kwetu hawauzi Julai kwa sababu ya dumuzi. Wanauza kwa sababu wanadaiwa." Ada, deni la mbegu, deni la trekta, mchango wa harusi. Lori limesimama barabarani, bei ni ya chini, na gunia linapanda. Mkulima wa namna hiyo hata ukimpa mfuko bure hana cha kuweka ndani ifikapo Oktoba. Na mwenye mahindi ya kubakiza anayo dawa ya unga, ambayo ni rahisi kununua na ameizoea toka kwa baba yake. Mfuko wa tabaka tatu bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida. Unamfaa mtu wa katikati: mwenye magunia matano mpaka kumi ya kusubiri Februari, asiyetaka dawa kwenye chakula cha watoto. Watu hao wapo, lakini si "wakulima wa Manyara".

Tulikuwa tumesimama Babati, tumezaliwa Babati, tukalieleza tatizo la Babati kama wageni waliofika juzi. Waliolijua tatizo walikuwa pale pale kwenye maonyesho, na kati ya wale 387, watu 358 walitujibu kwa miguu yao: walitazama, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. Hatukumfuata hata mmoja kumuuliza kwa nini.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu video, nalo sikulijua mpaka lilipotukuta. Skripti ya video ina safu mbili, ya maneno na ya picha, na safu ya picha nayo husema. Januari 2018 kampuni ya Kimarekani ya malori, Nikola, ilitoa video ya lori lake likienda barabarani, yenye kichwa kinachosema lori hilo liko kwenye mwendo. Liko kwenye mwendo kweli. Baadaye, mwaka 2020, ikafichuka kwamba lilivutwa mpaka juu ya mteremko, likaachwa lishuke kwa uzito wake, na kamera ikapangwa barabara ionekane tambarare. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alitiwa hatiani kwa udanganyifu Oktoba 2022, akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka uliofuata, na Machi 2025 akasamehewa na rais wa nchi yake. Msamaha haukulipandisha lile lori mlima.

Sisi hatukuwa na lori. Tulikuwa na ghala. Kwenye sekunde ya 18 mpaka ya 24, sauti ikisema "wakulima mia nne", picha ilionyesha mifuko imepangwa mpaka darini. Ilikuwa mizuri. Ilikuwa pia mitupu, imejazwa pumba juu juu isimame, kwa sababu siku ile mifuko yenye mahindi ilikuwa kwa wenyewe vijijini. Kijana wa kamera ndiye aliyebuni, na binti akacheka, na mimi nilipotazama video nikasema, "Safi sana." Hakuna aliyeuliza kwenye jopo. Wangeuliza, sijui tungejificha wapi.

Mwaka uliofuata hakukimbilia shindano. Alinunua daftari la kurasa 96, akachora safu. Kabla ya kuuza mfuko alianza kupima ukavu kwa njia ya chumvi ambayo mabwana shamba hufundisha: weka chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika chache, chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado ni mabichi na yataoza humo ndani. Akakataa kuwauzia watu kadhaa wenye mahindi mabichi, jambo lililomtia baridi mama yake, dada yangu, ambaye alinipigia simu kuuliza biashara gani hii ya kufukuza hela. Februari alipanda pikipiki na mizani ya kuning'iniza, akafungua mifuko 12 mbele ya wenyewe. Kumi na mmoja ilikuwa mizima. Mmoja, wa Mamire, dumuzi alikuwa ameingia na mahindi yenyewe kutoka shambani, akatoboa plastiki ya ndani, hewa ikapita. Alitaka kuuficha. Kisha akauandika kwa kalamu nyekundu, akaupiga picha.

Skripti mpya aliiandika mwenyewe. Aliniletea niisome, lakini alikaa karibu, mkono juu ya karatasi:

"Babati, mkulima mwenye magunia matano ya kusubiri Februari ana chaguo mbili: dawa kwenye chakula, au dumuzi. Ninamuuzia mfuko wa tabaka tatu, na simuuzii kabla sijapima ukavu wa mahindi yake. Msimu wa kwanza watu ishirini na tisa walinunua. Baada ya miezi saba tulifungua mifuko kumi na miwili: kumi na mmoja mizima, mmoja umetobolewa. Huyu ndiye mmoja wao, na haya ni mahindi yake."

Maneno 61. Picha ya mwisho ni mama wa Galapo akichota mahindi kwa viganja viwili na kuyaachia yamwagike kwenye ungo. Hakuna muziki. Sauti ya punje inatosha, nami nakiri nilikuwa nimependekeza muziki.

Alipokunja karatasi niliona daftari lake limefunguka kwenye ukurasa wa nyuma. Kulikuwa na safu moja mpya, juu yake ameandika "Wamerudi". Ni wale wa msimu wa kwanza ambao mwaka huu wamenunua tena bila kuonyeshwa chochote. Alikuwa anatafuta nafasi ya kuiingiza kwenye video.

"Wako saba," akasema. "Mjomba, niseme saba, au niseme karibu kumi?"

Nilishika kikombe changu cha chai, nikanyamaza. Akatazama daftari, akanitazama mimi, akaandika saba.